Kituo cha Soka cha Watoto Mwanza: Nani Hasa Atakulipa?

*"Shikamoo kocha. Nina miaka 29, nimecheza mpira mpaka ligi ya mkoa, na sasa naishi Nyegezi. Nina akiba ya sh milioni 2.5. Nataka kuanzisha kituo cha kufundisha watoto mpira, niwatoze ada ya mwezi huku nikitafuta vipaji vya kuuza kwenye timu kubwa. Rafiki yangu ananishauri niweke jimu ya nje karibu na ziwa, anasema haina usumbufu wa wazazi. Kipi kitalipa, na nianzie wapi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Anzisha kituo cha watoto, lakini habari ya kuuza vipaji ifute kwenye mahesabu yako yote. Iandike nje ya daftari la biashara kabisa. Nikieleza sababu yake vizuri, mengi ya yale utakayoyafanya kuanzia siku ya kwanza yatajipanga yenyewe.

Fedha ya vipaji ipo kweli, ila ina kanuni zake. FIFA ina utaratibu wa mgawo wa mshikamano: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa timu zilizomlea. Lakini malezi yanayohesabiwa huanzia mwaka anaofikisha umri wa miaka 12. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, timu iliyomlea hupata robo ya asilimia moja ya ada hiyo, na kwa kila mwaka kati ya 16 na 23 hupata nusu ya asilimia. Tuchukue kijana uliyemlea miaka miwili, ya 12 na ya 13, kisha miaka kumi baadaye akauzwa nje kwa sh milioni 200. Fungu lako ni sh milioni moja. Na utaipata tu ikiwa kituo chako kilikuwa timu iliyosajiliwa kwenye mfumo wa TFF, na mtoto huyo alisajiliwa kwa jina la timu hiyo katika miaka hiyo. Mtoto wa miaka tisa uliyemfundisha kupiga pasi hakuletei chochote kwa njia hii, hata akifika Ulaya. Kumbuka pia kwamba FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa kwenye kanuni. Mtu akija uwanjani akikwambia ana timu ya nje inayomtaka mtoto wa miaka 14, mwite mzazi na mwenyekiti wa mtaa kabla hujaongea naye neno la pili.

Tazama Alliance ya hapa hapa Mwanza. Imetoa wachezaji, imepandisha timu, lakini ilijengwa juu ya shule. Wazazi hulipa ada ya shule, na mpira umeegemea ada hiyo. Nawe jiulize swali hilohilo: nani atakulipa mwezi huu, na mwezi ujao, na ule wa baada yake?

Jibu ni mzazi wa mtoto wa kawaida. Kati ya watoto 48 utakaowaandikisha, labda watatu watakuwa na kipaji cha kukufanya usimame ukitazama. Waliobaki 45 wanakuja kukimbia, kupata marafiki, kuondoka mbele ya televisheni. Mtoto mzito kuliko wote uwanjani, anayeukimbiza mpira bila kuufikia, mama yake analipa ada ileile anayolipa baba wa yule fundi. Na akiacha, ada yake inaondoka naye. Kwa hiyo kituo kinachowapanga mafundi wacheze na wengine wasimame pembeni wakishangilia kinafukuza wateja wake kila jioni. Nimeviona vituo vingi vya aina hiyo kuanzia Igoma hadi Buhongwa. Mwezi wa kwanza uwanja umejaa, mwezi wa tatu wamebaki mafundi ambao wazazi wao hawalipi kwa sababu waliambiwa mtoto ana kipaji, na kocha anatafuta mfadhili.

Sasa tuyafanye mahesabu. Bei ninazoweka ni za kufanyia hesabu tu. Wewe pita madukani mjini uziandike upya kwa bei utakazokuta.

Tuseme una watoto 48 wa miaka 6 hadi 13. Sita kati yao umewapokea bure, hivyo wanaolipa ni 42. Ada ni sh 15,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi hiyo ni sh 630,000. Usiitumie namba hiyo kwa jambo lolote. Wapo watakaochelewa, wapo watakaosafiri kwenda kwa bibi Sengerema mwezi mzima, wapo watakaolipa nusu. Hesabu kwamba wanne kati ya kila watano watalipa kwa wakati, upate sh 504,000.

Matumizi: wasaidizi wawili kwa posho ya sh 7,000 kila kipindi, vipindi 12 kwa mwezi, ni sh 168,000. Mchango kwa shule yenye uwanja, sh 60,000. Mipira huisha haraka kwenye viwanja vyetu vya changarawe. Ukiwa na mipira 12 ya sh 20,000 na ukaibadilisha yote kila baada ya miezi sita, unatakiwa kuweka kando sh 40,000 kila mwezi. Maji, dawa za huduma ya kwanza, chokaa ya kuchora mistari na vocha, sh 35,000. Jumla ni sh 303,000. Kinachobaki kwako ni sh 201,000.

Iangalie namba hiyo kwa utulivu. Kituo kizuri, chenye watoto 48, kinachoendeshwa kwa uaminifu, kinakupa takribani laki mbili kwa mwezi. Ni kipato halali cha saa chache za jioni, lakini bado si ajira ya kukutosha na familia. Na angalia upande wa chini: ukishuka chini ya watoto 21 wanaolipa kwa wakati, unaanza kutoa fedha mfukoni mwako. Kwa hiyo usiache kazi unayoifanya sasa.

Njia ya kuikuza namba hiyo ninayoiamini ni shule binafsi za msingi. Mwanza zinazo nyingi, na kila moja inamshawishi mzazi kwa basi, sare na michezo. Nyingi hazina mwalimu anayejua kufundisha mpira kwa mpangilio. Nenda na pendekezo la ukurasa mmoja: jioni mbili kwa wiki, makundi ya umri, daftari la mahudhurio, taarifa ya kila mtoto mwisho wa muhula. Tuseme shule inakubali sh 300,000 kwa mwezi, inayolipwa mwanzoni mwa muhula. Unamlipa msaidizi mmoja vipindi vinane, sh 56,000, na kinachobaki ni sh 244,000, kwa mlipaji mmoja badala ya 42. Lakini shule haitakusikiliza ukiwa huna cha kuonyesha. Kituo chako cha jioni ndicho kitakachokuombea kazi hiyo, na mkuu wa shule akija kukutazama bila taarifa, lazima akute watoto wanacheza.

Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza. Kosa linaloua vituo ni kuwapanga watoto 22 kwenye uwanja mzima na mpira mmoja. Mtoto wa miaka nane hawezi kuupiga mpira kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Wote hukimbilia mpira ulipo, wakubwa wanne wanautawala, wengine wanakimbia bila kuugusa. Mazoezi ya kupanga foleni nayo hayana nafuu: watoto kumi wanasubiri mmoja apige shuti, mwenye zamu ya mwisho tayari anachora mchangani kwa kidole.

Gawa uwanja wa shule uwe viwanja vidogo vinne. Kila kimoja kiwe na urefu wa kama mita 25 na upana wa mita 18, wacheze wanne kwa wanne bila golikipa, magoli madogo ya upana wa mita mbili au hata koni mbili tu. Mpira namba 3 kwa walio chini ya miaka minane, namba 4 kwa wa miaka 8 hadi 12, na namba 5 uwaachie wa 13 kwenda juu. Usilipuuze hili la namba. Mtoto wa miaka saba akipewa mpira namba 5 uliojazwa upepo ukawa mgumu, anajifunza kuuogopa.

Kipimo changu ni hiki, na hakihitaji kifaa. Mteue mtoto dhaifu kuliko wote kwenye kundi, umwambie msaidizi ahesabu mara anazougusa mpira kwa dakika kumi. Zikiwa chini ya ishirini, mchezo wako ni mkubwa mno: punguza watoto au punguza uwanja. Usimpime fundi, yeye atagusa mpira popote utakapomweka. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, na uandike.

Kipindi kizima kisizidi dakika 75. Dakika 15 za kwanza watoto wawili au watatu kwa mpira mmoja, wanakokota na kugeuka. Dakika 20 za jambo moja tu la siku, kwa mfano kupokea mpira ukiwa umeufungua mwili. Mapumziko ya maji. Kisha nusu saa nzima ya michezo ya wanne kwa wanne, na ndani ya nusu saa hiyo wewe ongea kidogo sana. Hii ndiyo sehemu watoto wanayoifuata. Ukiikata ili uhutubie, wiki ijayo utawaona wachache. Dakika zinazobaki ni za kuwakusanya, kuhesabu vifaa na kuwakabidhi kwa waliokuja kuwachukua.

Ratiba yako iendane na watu wa Nyegezi walivyo. Kanda yetu ina Wasabato wengi, na ukiweka vipindi vyote muhimu Jumamosi umewafungia mlango. Jumapili asubuhi ni ibada. Jioni za katikati ya wiki kuna madrasa na tuisheni. Ushauri wangu ni vipindi vitatu, Jumanne na Alhamisi jioni na Jumamosi asubuhi, na kila mtoto achague viwili kati ya hivyo kwa ada ileile. Faida ya pili ni kwamba watoto 48 hawaji siku moja. Watakuja kama 32 kwa kipindi, na mkiwa makocha watatu, kila mmoja ana watoto kumi au kumi na mmoja, idadi ambayo mtu anaweza kuisimamia akamjua kila mtoto kwa jina.

Jioni anza saa 10 na robo, umalize saa 11 na nusu. Mwanga Mwanza upo mpaka karibu saa 1 kasorobo, lakini uwanja si wako: saa 11 na nusu maveterani na timu ya mtaa wanaingia, na wao walikuwepo kabla yako. Nenda ukazungumze nao kabla hujaanza. Wakikuona unawaheshimu, ndio watakaokulindia magoli yako usiku.

Kuhusu uwanja, usiridhike na ruhusa ya mdomo ya mwalimu mkuu. Walimu wakuu huhamishwa, na anayekuja hana deni na maneno ya aliyeondoka. Andika barua kwa kamati ya shule kupitia kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mtendaji wa kata na afisa elimu kata, ukitaja siku, saa, mchango wako na muda wa makubaliano, angalau mwaka mmoja. Omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichokubali. Mchango ulipe kwa njia ambayo shule inatoa stakabadhi, usimpe mtu mkononi. Shule nyingine zitapenda uwape vitu badala ya fedha, kwa mfano mipira miwili kila muhula na kuifundisha timu yao ya UMITASHUMTA. Kubali, mradi kiandikwe. Uwanja ulio tambarare katika mji huu wa mawe ni mali adimu, na siku utakapofanikiwa utakuwa na washindani wanaoutaka huohuo.

Pia fika kwa afisa michezo wa halmashauri yako, ambayo kwa Nyegezi ni Jiji la Mwanza, akupe utaratibu wa kusajili kituo kwa msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Kajisajili TRA upate TIN, na uulize ofisi ya biashara kuhusu leseni. Cheti cha ukocha cha TFF kitakusaidia zaidi kwenye mlango wa shule binafsi kuliko jezi zako za ligi ya mkoa.

Fedha za ada zisipite mkononi mwa kocha yeyote, hata wewe. Fungua lipa namba yenye jina la kituo, mzazi alipe huko kati ya tarehe 1 na 7, ujumbe wa muamala uwe ndio stakabadhi. Noti ya elfu kumi anayotumwa nayo mtoto hupotea njiani, au huishia kwenye posho ya msaidizi ambayo hukuiandika. Na ada ikichelewa, mtafute mzazi. Usimrudishe mtoto nyumbani mbele ya wenzake, kamwe. Hakuchelewa yeye. Mtoto aliyeaibishwa hivyo hata mzazi akilipa kesho yake hatarudi, na wenzake wote wamekuona.

Wale sita wa bure uwaamue mapema na idadi yao isiongezeke kiholela. Mmoja kwa kila wanane ndicho kiwango ambacho mahesabu yetu yanakibeba. Wachague kwa hali ya nyumbani, ukisaidiwa na mwalimu wa shule au balozi anayezijua familia. Usiwachague kwa kipaji. Ukianza kumsamehe ada mtoto kwa sababu anajua mpira, wazazi wote wa mafundi watakuja na hoja hiyohiyo, na watakuwa na haki ya kuuliza.

Daftari la mahudhurio ndilo litakalokuonya kabla fedha hazijapungua. Mtoto akikosa vipindi viwili mfululizo, mpigie mzazi jioni hiyohiyo, umuulizie mtoto, usiulizie ada. Mara nyingi utaambiwa anaumwa. Wakati mwingine utaambiwa kuna mkubwa anayempiga, au msaidizi wako anayemtukana, na hayo hutayajua kwa njia nyingine. Mwisho wa mwezi tazama walioacha ni akina nani. Wakiwa wengi ni wadogo wa umri au wale wa kuwekwa golini, tatizo lako ni mazoezi, si ada. Wakiwa ni wa darasa la saba kuelekea mtihani wa Septemba, hilo ni la kawaida. Waambie nafasi yao ipo.

Umri uthibitishe kwa cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Utaletewa vijeba, hasa ukitangaza bonanza. Kijeba mmoja wa miaka 15 kati ya watoto wa 12 anaweza kuvunja mguu wa mtu, na anaweza kukuvunjia jina kwa jioni moja. Kwa mwaka wa kwanza usiingie ligi yoyote ya nje. Fanya ligi yako ya ndani kila mwisho wa mwezi, timu zichanganywe upya kila mara, wazazi waalikwe. Mzazi aliyemwona mtoto wake akifunga goli mbele ya macho yake hulipa tarehe 2.

Sasa usalama, na hapa naomba usome taratibu.

Fomu ya kujiunga imuulize mzazi kama mtoto ana selimundu, pumu au kifafa. Selimundu ipo kwa wingi Kanda ya Ziwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Mtoto mwenye ugonjwa huo akikimbizwa sana juani bila maji, au akinyeshewa akapoa ghafla, anaweza kuingia kwenye maumivu makali yatakayomlaza hospitali. Hiyo haimaanishi umkatae. Maana yake ni barua ya daktari, maji kila wakati anapotaka, ruhusa ya kukaa bila kuuliza, na kocha anayejua kwamba mtoto huyu akisema mifupa inauma, mchezo kwake umekwisha na simu inapigwa nyumbani.

Radi za ziwa letu hazina mzaha. Ukiona umeme, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa kama sekunde tatu, kwa hiyo sekunde 30 ni kilomita kumi, na umbali huo tayari ni hatari. Zikiwa 30 au pungufu, watoto wote ndani ya darasa, si chini ya mwembe wala karibu na magoli ya chuma. Hawatoki mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ukisikia ngurumo wakati hukuona umeme, waingize vilevile. Omba ufunguo wa darasa moja kwenye yale makubaliano yako na shule. Ni kwa ajili ya jioni hizo.

Na mazoezi yakiisha, watoto wa Nyegezi watataka kwenda kuoga ziwani. Usiruhusu hilo liwe sehemu ya kituo chako. Kichocho kipo kando ya ziwa, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ambamo konokono wanaishi, na mara nyingi mtoto haoni kitu wala hahisi kitu siku anapokipata. Weka ndoo yenye koki na maji ya bomba uwanjani. Mzazi ajue kwamba kwako mtoto hunawia hapo, kisha anakwenda nyumbani.

Wasaidizi wako walete barua ya serikali ya mtaa na watu wawili wanaowafahamu, uwapigie kweli. Asibaki mtu mzima mmoja peke yake na mtoto, iwe darasani, njiani au kwenye pikipiki. Ukipata wasichana, na utawapata ukiwatafuta, mmoja wa wasaidizi awe mwanamke. Magoli ya chuma yafungwe kwa vigingi au mifuko ya mchanga. Goli lisiloshikiliwa humwangukia mtoto anayeninginia, na watoto wamekufa kwa namna hiyo katika nchi nyingi.

Kuhusu jimu ya nje, rafiki yako yuko sahihi kwamba usumbufu ni mdogo. Mapato nayo ni madogo. Vyuma vya kuchomelea, benchi na nguzo za kuning'inia vitakula sehemu kubwa ya akiba yako kabla mteja hajaja. Mteja wa jimu ya wazi hulipa kwa siku na kwa hiari yake, mvua ikinyesha haji, na vyuma vinavyolala nje vinahitaji mlinzi kila usiku. Zaidi ya hayo, ardhi ya karibu na ziwa ina masharti: sheria ya mazingira inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Ukija kuitaka baadaye, weka nguzo chache pembeni ya uwanja uleule wa shule, kwa ajili ya wazazi wanaosubiri watoto. Hao tayari wapo, wamekaa tu.

Kwa akiba yako, vifaa vya kuanzia visizidi laki tisa. Mipira 12 ni sh 240,000, vizibao 30 ni sh 120,000, koni 40 ni sh 60,000, magoli madogo manne ya bomba kwa fundi wa kuchomelea sh 360,000, pampu na sindano zake sh 25,000, sanduku la huduma ya kwanza sh 60,000. Hiyo ni sh 865,000. Halafu weka benki matumizi ya miezi mitatu, sh 909,000, na usiyaguse kwa ajili ya jezi. Wazazi watakuomba jezi mapema sana. Zipatikane kwa oda, kila mmoja alipie yake. Kinachobaki, kama laki saba, ni cha usajili, kozi ya ukocha na mwezi mbaya.

Mwezi wa kuanza ni Julai, shule zikifunguliwa. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni chache, uwanja ni mkavu, na utakuwa na miezi mitatu ya kujaza nafasi kabla mvua za Oktoba hazijaanza kukuharibia jioni. Barua ya kamati ya shule ipeleke Aprili au Mei, kwa sababu vikao huahirishwa. Mwezi wa Juni, watoto wakiwa likizo, fanya kliniki ya mpira ya siku tano ya sh 5,000 kwa mtoto, asubuhi saa 2 hadi saa 4. Itakuonyesha ni wazazi wangapi wa Nyegezi wanaolipa kweli. Wakijitokeza 30, fungua Julai. Wakijitokeza kumi, usinunue magoli bado. Kafanye kliniki hiyohiyo Buhongwa au Mkolani kabla ya kuamua kituo kiwe wapi.